Mafua ya Mara kwa Mara kwa Wanaofanya Mazoezi Makali: Usingizi Kwanza, Zinki na Vitamini C Baadaye

Mtu mzima hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka, awe anafanya mazoezi au hafanyi. Mwanamichezo aliyeugua mara 2 tangu mwaka uanze hana cha kuogopa. Anayestahili kujichunguza ni yule anayeshikwa mara 3 au 4 ndani ya nusu mwaka, na zaidi ikiwa mafua yanampata katika wiki zilezile ngumu: wiki ya mbio ndefu, kambi ya mazoezi, au siku chache baada ya mashindano.

Watu wengi wa namna hiyo huanza na duka la dawa. Wananunua vitamini C ya miligramu 1000, wanaongeza zinki, wanameza vyote kila asubuhi kwa miezi, na mafua yanaendelea kuja kama kawaida. Si kwamba virutubisho hivyo havina kazi. Vina kazi, lakini kila kimoja kina wakati wake, na wakati huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kitu kinachofanya kazi kila siku ni usingizi, na ndicho ambacho mazoezi ya alfajiri hukila kwanza.

Kabla ya kulaumu kinga, hakikisha ni mafua kweli

Wanamichezo wenye dalili za mafua walipopimwa maabara, virusi au bakteria havikupatikana kwa wengi wao. Koo huwasha na pua hutiririka kwa sababu nyingine pia. Anayepumua kwa nguvu kwa saa nzima hupitisha hewa nyingi mno kwenye njia za hewa. Ikiwa hewa hiyo ni kavu, ya baridi, yenye vumbi au chavua, utando wa ndani hukauka na kuvimba. Waogeleaji hupata hali hiyohiyo kutokana na klorini.

Tofauti yake unaweza kuiona mwenyewe. Mafua ya virusi huanza taratibu, mara nyingi kwa koo kukereketa, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Muwasho unaotokana na mazoezi huanza wakati wa zoezi au muda mfupi baadaye na mara nyingi hutulia siku hiyohiyo. Mzio huwashisha macho, huleta chafya mfululizo na kamasi nyepesi kama maji, na hudumu kwa majuma bila kubadilika. Kikohozi kinachokuja dakika 5 hadi 15 baada ya kumaliza mbio kali, kila mara, kinaweza kuwa pumu inayochochewa na mazoezi. Huyo wa mwisho anahitaji kipimo cha mapafu na dawa ya kuvuta, na hata akila machungwa gunia zima kikohozi chake hakitaondoka.

Soma siku zilizotangulia dalili

Virusi vya kawaida vya mafua huchukua kati ya nusu siku na siku 3 tangu viingie hadi dalili ya kwanza itokee. Kwa hiyo koo likianza kuuma Jumatano, usitafute chanzo Jumatano. Tazama Jumapili, Jumatatu na Jumanne, pamoja na wiki iliyozitangulia, kwa sababu mwili ulioingiliwa na virusi Jumapili ulishachoshwa au kupumzishwa na siku zilizopita.

Daftari linatosha kwa kazi hii. Kila asubuhi andika saa ulizolala kweli, na mapigo ya moyo kabla hujatoka kitandani. Kila baada ya zoezi andika dakika na ugumu wake kwa kipimo cha 1 hadi 10, kisha zidisha. Mbio za dakika 60 zenye ugumu wa 7 ni alama 420. Jumlisha alama za wiki. Siku dalili ya kwanza inapotokea, weka alama nyekundu. Baada ya mafua mawili au matatu, alama hizo nyekundu huanza kuonyesha mpangilio.

Tuchukue mkimbiaji anayejiandaa kwa marathoni. Ameugua mara 3 ndani ya miezi 5. Anakimbia alfajiri siku 4 kwa wiki na anafanya mbio ndefu Jumapili. Hupanda kitandani saa 4:45 usiku na kengele humwamsha saa 10:15 alfajiri. Ukimuuliza atasema analala karibu saa 6. Hesabu inasema vingine: yuko kitandani saa 5 na nusu, na mtu mwenye afya hulala takriban asilimia 90 ya muda anaokuwa kitandani, kwa sababu kuna dakika za kusubiri usingizi na za kushtuka katikati. Kwa hiyo analala chini kidogo ya saa 5.

Daftari lake linaonyesha wiki mbili za alama 2100 na 2200, kisha wiki ya 3000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi kwa mkupuo. Mbio ndefu ya wiki hiyo zilikuwa kilomita 30, Jumapili, katikati ya kundi kubwa la wakimbiaji. Jumatatu aliamka tena saa 10:15. Jumatano koo likaanza. Mafua yake mengine mawili yana sura hiyohiyo: wiki iliyorukishwa, usiku mfupi, umati wa watu, halafu siku 2 au 3 baadaye koo.

Watafiti wamebishana kwa miaka mingi kama zoezi kali lenyewe hufungua mlango kwa virusi. Katika marathoni ya Los Angeles ya mwaka 1987, karibu asilimia 13 ya wakimbiaji walieleza kuugua katika wiki iliyofuata, ilhali wanamazoezi wenzao ambao hawakushiriki mbio hizo walikuwa karibu asilimia 2. Takwimu hizo zilifanya watu wengi waamini kwamba kinga huzimika kwa saa kadhaa baada ya mbio. Wengine wamejibu kwamba chembe nyeupe zinazopungua kwenye damu baada ya zoezi hazifi, zinahamia kwenye mapafu, utumbo na tishu nyingine kulinda huko. Na kwamba siku ya mashindano mtu husafiri, huhangaika, hulala vibaya na kubanana na maelfu ya watu wanaopumua kwa nguvu. Kwangu mimi hoja ya pili ina uzito zaidi, na ina faida moja ya vitendo: mambo inayoyataja yanaweza kubadilishwa bila mtu kuacha mbio.

Usingizi

Ushahidi wa usingizi una nguvu kwa sababu watafiti hawakungoja watu waugue wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu wazima 164 wenye afya walivaa kifaa cha mkononi kinachopima usingizi kwa wiki moja, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani kwa matone na kufungiwa hotelini ili waangaliwe. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kupata mafua zaidi ya mara 4 ukilinganisha na waliolala zaidi ya saa 7. Wote walipewa virusi vilevile, kwa hiyo huwezi kusema waliolala kidogo walikutana na wagonjwa wengi zaidi. Hawakuwa wanamichezo waliochaguliwa, hilo lazima lisemwe, lakini sioni sababu ya mwili wenye mazoezi makali kuhitaji usingizi mdogo kuliko wao.

Utafiti wa nyuma yake, wa mwaka 2009, uliongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Ubora wa usingizi ulikuwa na uzito hata kuliko urefu: waliokuwa macho kwa zaidi ya asilimia 8 ya muda wao kitandani walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 5 na nusu ukilinganisha na waliolala karibu muda wote huo. Mtu anaweza kuwa kitandani saa 8 na bado akawa hajalala.

Mkimbiaji wetu akitaka saa 7 kamili za usingizi, agawanye 7 kwa 0.9. Jibu ni karibu saa 7 na dakika 45 kitandani. Akipanda saa 3:30 usiku, kengele ilie saa 11:15 alfajiri. Hapo ndipo ugumu unapoonekana, maana mbio zake za alfajiri haziingii tena zote kwenye ratiba. Inabidi achague. Kati ya zile siku 4, mbili ni za mbio nyepesi za dakika 50. Moja aihamishie jioni, nyingine aifute kabisa. Atapoteza alama zisizozidi 200 kwa wiki na kupata zaidi ya saa 4 za usingizi. Sijui biashara nyingine ya mazoezi yenye faida kama hiyo. Siku mbili zinazobaki, ambazo lazima aamke mapema, asogeze kulala mapema kadiri nyumba inavyoruhusu na alale mchana dakika 20 hadi 30. Zaidi ya hapo huamka mzito na usiku hukosa usingizi.

Vitu viwili huharibu mpango huu kimyakimya. Cha kwanza ni kahawa ya jioni: nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku. Cha pili ni zoezi kali linaloishia chini ya saa moja kabla ya kulala, wakati joto la mwili na mapigo bado viko juu. Mbio nyepesi za jioni hazina shida. Marudio ya kasi yawekwe mapema zaidi.

Alama za wiki nazo ziinuke taratibu. Badala ya 2200 kwenda 3000, apande 2200, 2400, 2600, ashuke hadi 1800 kwa wiki moja, ndipo aende 2800. Akipata usingizi wa chini ya saa 6 kwa siku mbili mfululizo, zoezi kali la siku ya tatu ligeuzwe kuwa dakika 40 nyepesi. Na katika mbio zinazozidi dakika 90 ale au anywe wanga, gramu 30 hadi 60 kwa saa, kwa sababu kukimbia muda mrefu bila wanga hupandisha homoni za msongo kuliko inavyohitajika. Anayepunguza uzito huku akiongeza kilomita ajue kwamba anachoma mshumaa kwa ncha zote mbili, na mafua ni moja ya dalili za mwanzo.

Vitamini C: dirisha dogo

Hapa habari ni nzuri kuliko wanaoipinga wanavyosema, na ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Mapitio makubwa ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio yenye washiriki zaidi ya 11,000. Kwa watu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakukupunguza idadi ya mafua. Lakini kulikuwa na majaribio 5 yenye watu 598 waliokuwa kwenye mzigo mkali wa muda mfupi: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji, wanajeshi kwenye mazoezi ya baridi kali. Kwao mafua yalipungua kwa karibu nusu.

Mojawapo lilifanywa kwenye mbio za Comrades za Afrika Kusini, zenye urefu wa takriban kilomita 90. Wakimbiaji walimeza miligramu 600 kwa siku kwa siku 21 kabla ya mbio. Katika wiki mbili zilizofuata, asilimia 33 walieleza dalili za mafua. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 68. Ni tofauti kubwa. Udhaifu wake ni kwamba dalili zilielezwa na wakimbiaji wenyewe bila kupimwa virusi, na tumeshaona kwamba koo la baada ya mbio si lazima liwe mafua. Majaribio yenyewe ni machache na ya zamani. Pamoja na hayo, gharama ni ndogo na hatari ni ndogo, kwa hiyo kwa dirisha hilo mimi naipendekeza.

Dirisha lenyewe ni hili: wiki 3 kabla ya shindano kubwa au kambi, na wiki 1 au 2 baada yake. Kiasi ni miligramu 500 kwa siku, zikigawanywa 250 asubuhi na 250 jioni. Kugawanya kuna sababu. Utumbo hunyonya karibu vitamini C yote ukipewa kiasi kidogo, lakini dozi moja ikizidi miligramu 1000 hunyonya chini ya nusu. Iliyobaki huvuta maji tumboni na kuharisha, jambo ambalo hakuna mkimbiaji analitaka asubuhi ya mbio. Damu yenyewe hukaribia kujaa kwa miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Zaidi ya hapo figo huimwaga.

Nje ya dirisha, mahitaji ya siku ni miligramu 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, kiasi ambacho matunda na mboga mbichi hukitimiza bila shida. Mkimbiaji wetu aliyekuwa akimeza 1000 mwaka mzima namshauri aache, kwa sababu mbili. Wanaume wanaomeza vidonge vya kiasi hicho wameonekana kupata mawe ya figo zaidi. Na katika jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2014, wiki 11 za mazoezi pamoja na miligramu 1000 za vitamini C na 235 za vitamini E zilidumaza baadhi ya mabadiliko ambayo misuli hufanya ili kuzalisha nguvu, ingawa uwezo wa jumla wa kukimbia uliongezeka sawa kwa makundi yote mawili. Sioni sababu ya kulipia kitu kinachoweza kuzuia kile unachokifanyia mazoezi.

Kuanza vitamini C baada ya koo kuuma hakujaonyesha faida ya kuaminika. Wakati huo umeshachelewa.

Zinki: baada ya dalili, si kabla

Zinki ni kinyume chake. Kumeza kila siku ili kujikinga hakujathibitika kuzuia mafua kwa mtu asiyepungukiwa. Inapoweza kusaidia ni mafua yakishaanza, na hata hapo matokeo yanapingana. Baadhi ya majaribio ya tembe za kumung'unya yalifupisha mafua kwa takriban theluthi. Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2020 halikuona faida yoyote. Kwa hiyo ichukulie kama jaribio la haki linaloweza kukupunguzia siku mbili hivi, lisilo na ahadi. Lakini ukiamua kulifanya, lifanye sawasawa, kwa sababu makosa ni mengi.

Kosa la kwanza ni umbo. Kidonge cha kumeza hupita kooni bila kuacha kitu. Majaribio yaliyofaulu yalitumia tembe inayoyeyuka polepole mdomoni kwa dakika 20 au 30, ikiachia ioni za zinki kwenye koo. Ukiitafuna umeipoteza.

La pili ni viambato. Asidi ya sitriki, ambayo huwekwa kuleta ladha ya limau, huikamata zinki isiachiliwe. Asidi ya tatari, manitoli na sobitoli nazo hushukiwa hivyohivyo. Tafuta zinki asetati au zinki glukonati bila vitu hivyo. Ladha itakuwa ya chuma na mdomo utakauka. Hiyo ni kawaida yake.

La tatu ni hesabu. Lebo inaweza kuandika uzito wa chumvi yote, si wa zinki yenyewe. Zinki glukonati ina karibu asilimia 14 tu ya zinki, kwa hiyo tembe ya miligramu 100 ya glukonati hutoa miligramu 14 hivi. Majaribio yaliyofaulu yalitumia zaidi ya miligramu 75 za zinki halisi kwa siku. Tembe yenye miligramu 13, ukimung'unya 6 kwa siku, moja kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho, inakupa 78.

La nne ni wakati. Anza ndani ya saa 24 za dalili ya kwanza, na uache dalili zikiisha au baada ya siku 5. Kiasi hiki kinazidi kikomo cha kawaida cha miligramu 40 kwa siku, na kinavumilika kwa sababu tu ni cha siku chache. Mkimbiaji wetu aliyekuwa akimeza 50 kila asubuhi kwa miezi amejiweka mahali pabaya: zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba isinyonywe, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na kupunguza chembe nyeupe. Yaani anadhoofisha ileile kinga anayoinunulia dawa.

Usimung'unye tumbo likiwa tupu, kichefuchefu kitakufuata. Ukiwa kwenye antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini au kwinoloni, zinki huzuia dawa isifanye kazi, basi zitenganishe: dawa saa 2 kabla ya zinki, au saa 4 hadi 6 baada yake. Na usitumie kamwe zinki ya kupuliza au kupaka puani. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wengi kupoteza uwezo wa kunusa. Mjamzito na mtoto wasitumie dozi hizi bila daktari.

Siku za ugonjwa wenyewe

Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua, chafya, koo jepesi, jaribu dakika 10 za mbio za polepole. Ukijisikia sawa au nafuu, endelea kwa urahisi hadi dakika 30. Ukizidiwa, rudi nyumbani ulale. Dalili zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, maumivu ya misuli mwili mzima, tumbo kuvurugika, au ukiwa na homa, hakuna zoezi la aina yoyote. Sababu ni moyo: baadhi ya virusi huvimbisha msuli wake, na kufanya mazoezi makali juu ya uvimbe huo kunaweza kuvuruga mapigo hadi kuua.

Baada ya homa kuisha subiri saa 24 kamili bila dawa ya kuishusha, na mapigo ya asubuhi yarudi karibu na wastani wako. Yakiwa bado juu kwa 7 au zaidi, ngoja. Kisha chukua siku za kurudi zilingane na siku ulizokosa. Aliyelala siku 4 afanye siku 4 za nusu ya muda wake wa kawaida bila kasi, na asijaribu kulipa kilomita alizopoteza kwa kuzirundika kwenye Jumapili inayofuata. Huko ndiko mafua ya pili hutokea.

Umuone daktari ikiwa homa ya nyuzi 38 au zaidi inapita siku 3, ukipata maumivu ya kifua, mapigo yanayoruka au pumzi fupi usiyoizoea, kikohozi kikizidi wiki mbili, au uzito ukishuka na usiku ukitokwa jasho. Na kama umelala saa 7 kwa miezi mitatu, umepandisha mzigo taratibu na unakula vya kutosha, lakini mafua hayapungui, omba upimwe picha kamili ya damu, feritini inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini, na vitamini D, na umweleze daktari ratiba yako ya mazoezi ukiwa na daftari mkononi.